Natafuta mwanamuziki niliyemuona kwenye mahojiano tu, wimbo wake sijawahi kuusikia

Mtoto wa Mwananyamala
Wadau habari za mchana, naombeni msaada wenu wa dhati maana hili jambo linanisumbua muda mrefu. Kuna mzee mmoja mwanamuziki nilimuona kwenye tivii pale saluni ya kunyoa Kinondoni, ilikuwa taarifa ya habari ya nje ile ya kiingereza yenye maandishi chini, sasa tatizo kinyozi alikuwa kazima sauti ya tivii kafungulia singeli kwenye spika, kwa hiyo muziki wa huyo mzee sikuusikia hata sekunde moja, nilikuwa nasoma tu maandishi huku nanyolewa.

Ninachokumbuka ni hivi, mzee ni dereva teksi Marekani, zamani kwao alikuwa staa mkubwa, kwao ni huku kwetu kwetu Afrika sijui Ethiopia sijui Somalia sijui Sudan. Ndani ya buti la teksi anaweka kinanda, akishusha abiria na foleni ya wateja ikiwa ndefu anakitoa anapiga ndani ya gari. Zamani bendi yao ilikuwa inapiga hotelini mpaka alfajiri na wateja hawatoki kwa sababu nje kuna kafyu. Halafu kuna mzungu mmoja aliokota kaseti yake ya zamani sokoni ndio akaanza kumtafuta, na watu walikuwa wanaamini kashakufa, eti alijiua jukwaani mbele ya mashabiki. Hapo ndio kinyozi akanigeuza kichwa, nilivyorudi kuangalia wameshahamia kwenye mpira.

Mwaka sijui vizuri, ila ile saluni ilikuwa bado ipo pale kabla haijahamia Magomeni, kwa hiyo ni kati ya 2016 na 2019. Nataka kumsikiliza huyu mzee jamani, jina lake nani?

Dogo Janja wa Yombo
Mkuu rahisi tu hiyo, tuma voisinoti uimbe hata mluzi kidogo tuushazamu, mi nimepata nyimbo kibao kwa njia hiyo hata za kihindi.

Mtoto wa Mwananyamala
Ndugu soma vizuri, wimbo sijausikia. Nina stori tu sina sauti.

Chifu wa Mbagala
Huyo ni Rodriguez, hakuna haja ya kuzunguka. Sixto Rodriguez wa Detroit, alitoa albamu mbili 1970 na 1971 kwao zikabuma, kumbe Afrika Kusini zimelipuka na yeye hajui, akaendelea na kazi zake za kubomoa na kukarabati nyumba. Kule Sauzi wakaamini kajiua jukwaani, wengine wanasema kajipiga risasi wengine kajichoma moto, mpaka mashabiki wakamsaka wakamkuta mzima 1997, mwaka uliofuata wakamleta Sauzi kupiga shoo. Kuna filamu yake ilichukua Oskari 2013. Funga uzi.

Mama Sabuni
Chifu mbona huyo wako hana teksi wala kinanda? Na ni Mmarekani.

Chifu wa Mbagala
Mama hizo ni kumbukumbu za saluni, mtu ananyolewa atakumbuka nini. Cha kujiua jukwaani ndio cha pekee, wangapi hapa duniani walisemwa hivyo halafu wakakutwa hai?

Mpenda Rhumba
Kama ni Ethiopia basi ni Mulatu Astatke, ndio mwanamuziki wao anayejulikana duniani na anapiga vinanda. Ila habari ya teksi sijawahi kuisikia kwake.

Fundi Santuri
Nimefika uzi ukiwa bado wa moto, vizuri. Mimi nimefanya kazi miaka mingi maktaba ya kanda na santuri za redio hapa Dar, na wasikilizaji walikuwa wanakuja na maswali ya hivi kila wiki, "yule aliyehojiwa", "yule mliyemtangaza", jina hana wimbo hana. Nina mtu kichwani tayari lakini nisimtaje kwanza, maana nikimtaja mleta uzi atakubali tu kwa kuwa jina limekuja, na stori yake ina kitu kinanitia shaka.

Mkuu wa Mwananyamala nijibu haya kwa unavyokumbuka bila kutafuta popote. Moja, ulimuona mzee mwenyewe akiongea au wengine walikuwa wanaongea habari zake? Mbili, hiyo ya kujiua jukwaani uliisoma kwenye maandishi ya ile taarifa, una picha ya maneno yale chini ya skrini, au unaijua tu kwamba ipo kwenye stori? Tatu, zaidi ya kinanda cha kwenye buti walionyesha chombo kingine chochote?

Mtoto wa Mwananyamala
Shikamoo mzee. Alikuwa anaongea mwenyewe, mzee mpole, kavaa nadhifu. Kuna mahali akaonekana na kile kinanda cha kuvuta kama kinafunguka na kufunga, akodiani. Hiyo ya kujiua nikiwa mkweli maandishi yake siyaoni kichwani, najua tu ipo. Ya kafyu maandishi nayaona kabisa, neno hotel na neno curfew yalikuwa pamoja.

Fundi Santuri
Marahaba kijana. Umejibu vizuri sana na hilo jibu la mwisho ndilo nililokuwa nalitaka. Sasa tuende taratibu.

Kila kitu ulichokumbuka kina uzito wake. Dereva teksi Marekani ni chepesi, wahamiaji wangapi wanaendesha teksi na wangapi kati yao walikuwa wanamuziki kwao. Mzungu kuokota kaseti nacho si kizito, wapo wazungu wengi wanaozunguka masoko ya Afrika kununua kaseti na kuzitoa upya. Kizito ni vitu viwili, kinanda kwenye buti na hoteli yenye kafyu. Mwandishi yeyote akikutana na mzee anayefanya mazoezi ndani ya teksi hawezi kuliacha hilo, ataliweka aya ya kwanza, na watakaomfuata watalirudia. Ndio maana kitu kama hicho kinatafutika hata bila jina. Hapa kwetu mfano ni Remmy Ongala, mtu akija akasema namtafuta mwanamuziki aliyesema kwenye mahojiano kwamba alizaliwa na meno na mama yake akakatazwa kumnyoa nywele, hana haja ya kuendelea, ni mmoja tu. Akija na "Mkongo aliyehamia Dar kupiga muziki" hapo tutakaa mpaka kesho.

Sasa hiyo kafyu ndiyo inachagua nchi. Umetaja tatu. Sudan ilikuwa na kafyu ndefu baada ya mapinduzi ya 1989, lakini pombe ilishapigwa marufuku tangu 1983, kwa hiyo bendi ya hotelini inayokesha na wateja hadi alfajiri kipindi kile haikai vizuri. Ethiopia inakaa sawasawa. Baada ya Haile Selassie kupinduliwa 1974 na wale wanajeshi wa Derg, Addis ikawekwa kafyu miaka na miaka, na kumbi zikawa na mtindo wa kufunga milango, ukiingia jioni unatoka asubuhi, bendi inapiga usiku kucha. Bendi iliyokuwa na mkataba wa muda mrefu Hiltoni ya Addis ni Walias Band.

Walias wakaenda kupiga Marekani mapema miaka ya 80, ziara ilipoisha baadhi yao hawakurudi. Mpiga vinanda wao aliyebaki Washington anaitwa Hailu Mergia. Mwaka 1985 akiwa huko huko alirekodi kaseti karibu peke yake, akodiani, vinanda vya umeme na mashine ya ngoma, halafu akaacha majukwaa akawa anaendesha teksi, kituo chake uwanja wa ndege wa Dulles. Kinanda cha betri kwenye buti, akisubiri abiria anapiga. Mwenye lebo ya Awesome Tapes from Africa, Brian Shimkovitz, aliikuta kaseti ile Bahir Dar, akamtafuta, akaitoa upya 2013. Mulatu wa Mpenda Rhumba ni mkubwa sana lakini njia yake ni nyingine, alisoma muziki nje, akarudi Addis akawa hapo hapo.

Mtoto wa Mwananyamala
MZEE!!! Nimefungua Yutubu, ndiye, ndiye huyu huyu, ile sura na ule upole. Mungu akuweke. Ndio namsikiliza sasa hivi ndani ya daladala ya Mbezi na nimepitiliza kituo sijali.

Chifu wa Mbagala
Sawa lakini hamjajibu swali langu. Kujiua jukwaani imetoka wapi? Huyo Hailu ilisemwa kafa?

Fundi Santuri
Chifu swali lako ni zuri na usidhani nimelikwepa. Kwenye habari za Hailu nilizosoma hakuna hiyo ya kujiua. Hiyo ni ya Rodriguez kama ulivyosema, wewe umeipata sehemu yako barabara. Stori ziko mbili na zimeshikana. Zote za mwanamuziki aliyesahaulika, Marekani, kazi ya mikono, shabiki wa mbali anamtafuta anampata mzima. Na zilivuma karibu pamoja, Oskari ya ile filamu ni 2013 na kaseti ya Hailu kutolewa upya ni 2013.

Namna ya kuzitenganisha ni kuchukua kila kitu kimoja kimoja unakipeleka kwa kila mtu. Teksi kwa Rodriguez haipo, kinanda hakipo yeye ni gitaa, hoteli na kafyu havipo, kaseti ya sokoni haipo. Kwa Hailu vyote vinne vipo na kinachokosa ni kimoja. Kama mngekuwa mnagawana nusu kwa nusu ningesema hatujampata mtu bado. Halafu kile kinachokosa ndicho kile ambacho mleta uzi maneno yake hayaoni kwenye skrini. Kijana, filamu ya Rodriguez uliwahi kuiona?

Mtoto wa Mwananyamala
Kuna filamu tuliangalia hosteli Mabibo kwenye kompyuta ya jamaa, ya mwanamuziki wa Marekani na watu wa Sauzi wanamtafuta, theluji kibao. Jina lake sikulishika ila kwa maelezo ya Chifu itakuwa ndio hiyo.

Chifu wa Mbagala
Nakubali kuwa ni wawili. Ila mtu akianza na hiyo ya jukwaani angefika kwa Rodriguez moja kwa moja, kwa hiyo jibu langu lilikuwa sahihi kwa swali hilo.

Fundi Santuri
Kwa swali hilo ndiyo.

Mama Sabuni
Fundi mimi nataka kujua kitu kimoja, wewe ulikuwa unamjua tayari. Sasa sisi tusiomjua tungefikaje? Nimejaribu kuandika kwa kiswahili gugo, mwanamuziki dereva teksi, imeniletea ajali za barabarani na bei za Bajaji.

Fundi Santuri
Mama swali la msingi hilo. Tafuta kwa lugha ya waliomhoji. Taarifa ilikuwa ya kiingereza, mzee anaishi Washington, kwa hiyo maneno yawe ya kiingereza, na usiandike sentensi nzima, weka yale mawili mazito na nchi, halafu funga miaka. Mfano:

```
"taxi" "keyboard" Ethiopian musician -Rodriguez after:2013-01-01 before:2020-01-01
```

Hiyo ya kutoa Rodriguez utaiweka pale tu ukiona anajaza kurasa. Na miaka usiibane sana, maana tarehe anayoitumia gugo ni ile ambayo ukurasa unadai umechapishwa, tovuti ikihama au ikisahihishwa makala ya 2014 inaweza kuonekana ya 2021 ikadondoka nje. Ukikosa legeza upande mmoja kwanza.

Kuna kitu kingine ambacho redioni kilitusaidia kuliko chochote. Mwanamuziki hahojiwi hivi hivi tu. Kuna sababu ya siku ile, albamu imetoka, shoo inakuja, tuzo, msiba, kumbukumbu ya miaka kadhaa. Mzee ameendesha teksi miaka hakuna aliyemfuata na kamera, kwa nini wamfuate mwaka ule? Kijana anasema 2016 hadi 2019, na kaseti ilitolewa upya 2013, haiendani. Nikaangalia nini kilitokea katikati, nikakuta Februari 2018 alitoa albamu mpya kabisa, Lala Belu. Hapo ndipo vyombo vingi vilimrudia na kila kimoja kikasimulia tena teksi na buti na kaseti. Kwa hiyo mimi nasema ulinyolewa mwanzoni mwa 2018 au muda mfupi baada ya hapo.

Mtoto wa Mwananyamala
Inawezekana kabisa, maana lilikuwa joto la kutisha na feni ya saluni ilikuwa mbovu. Mzee na ile taarifa yenyewe inaweza kupatikana? Ningependa kuiona yote na sauti.

Fundi Santuri
Hapo sikuahidi. Video za mahojiano yake zipo ila ipi ndiyo ya saluni mimi siwezi kusema. Stesheni moja inanunua kipande kwa shirika la habari, inakikata, inaweka maandishi yake, na hiyo iliyokatwa mara nyingi haiwekwi mtandaoni. Ukipata ukurasa wa zamani uliokufa bandika anwani yake kwenye web.archive.org, maandishi utayakuta mara nyingi, video yenyewe kwa kawaida haijahifadhiwa. Anza kwa kukumbuka stesheni, nembo ilikuwa kona gani na rangi gani.

Mtoto wa Mwananyamala
Nembo nahisi nyekundu. Nitamfuata kinyozi Magomeni nimuulize kisimbuzi alikuwa nacho kipi.

Binti wa Feri
Samahani naingilia, na mimi nina wangu na kaka Fundi naona anaweza. Bibi yangu marehemu alikuwa na kipande cha gazeti ndani ya Korani yake, mahojiano ya mama mmoja aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya dansi hapa Dar, akaacha muziki alipoolewa, na wakati anahojiwa alikuwa anauza samaki pale Feri. Bibi alisema walikuwa marafiki. Nyumba ilipohamwa kile kipande kilipotea. Jina la mama silijui, bendi siijui, gazeti lilikuwa la kiswahili, picha nyeusi na nyeupe. Naombeni mnisaidie ni nani.

Mpenda Rhumba
Asije akawa mmoja wa Shikamoo Jazz? Wale walikuwa wakongwe waliorudishwa jukwaani 1993.

Binti wa Feri
Huyu hakurudi jukwaani, bibi alisema hakuimba tena kabisa.

Fundi Santuri
Binti pole kwa bibi. Wako ni mgumu kuliko wa teksi na nitakwambia kwa nini. Hailu alisimuliwa na watu wengi kwa hiyo ukikosa makala moja utaipata nyingine. Huyu mama inawezekana kahojiwa mara moja tu maisha yake yote, na gazeti lenyewe halipo mtandaoni, kwa hiyo kuandika maneno kwenye gugo ni kupoteza bando. Wako unatafutwa kwenye karatasi, na karatasi inataka tarehe kabla ya kitu chochote. Bila tarehe unafungua majalada ya miaka thelathini ukurasa kwa ukurasa.

Kwa hiyo nianzie hapo. Kile kipande upande wa nyuma kulikuwa na nini? Watu wanakumbuka mahojiano wanasahau nyuma yake, na nyuma ndiko kuna tangazo la sinema, matokeo ya mpira, bei ya sukari, hotuba. Pia bibi alikikata wakati anaishi wapi, na mama yako alikuwa darasa la ngapi?

Binti wa Feri
Nyuma kulikuwa na mpira, Simba na nani sijui, na kipande cha picha ya kikombe. Mama anasema alikuwa bado hajaolewa, walikuwa wanakaa Ilala, yeye kaolewa 1986. Ngoja nimpigie tena.

Chifu wa Mbagala
Simba na kikombe kabla ya 86 hapo mambo mengi, kuna ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati wa 1974 hapa hapa Dar wakiwafunga Abaluhya, na kuna ligi zile zote za mfululizo za kuanzia 76. Hapo kwenye mpira niiteni muda wowote, ila lazima tujue kikombe kina masikio mawili au ni kile kirefu.

Fundi Santuri
Chifu umetusaidia sana hapo. Binti usisahau kumuuliza mama gazeti lilikuwa la kila siku au la Jumapili, maana Uhuru na Mzalendo ni jalada tofauti, na Mfanyakazi lilikuwa la wiki na lilipenda sana stori za watu wa kawaida na wanamuziki, mimi ningeanza na hilo. Majalada yapo Maktaba Kuu pale Bibi Titi, na Chuo Kikuu Mlimani kuna chumba cha East Africana. Kote omba kwa jina la gazeti na mwaka, usiende na stori maana watu wa kaunta hawana orodha ya nani alihojiwa. Nenda na simu yenye chaji upige picha, ila uliza kwanza kama wanaruhusu.

Na usiende Feri ukauliza "mama aliyekuwa mwanamuziki", utapewa majina kumi. Uliza wazee wa mnada wa samaki nani aliwahi kutoka gazetini.

Binti wa Feri
Mama kapokea. Anasema ni gazeti la Jumapili ana uhakika, kwa sababu baba yake alikuwa ananunua gazeti siku hiyo tu akitoka kunywa kahawa. Kikombe hakumbuki masikio. Ila anasema huyo mama aliitwa kwa jina la mtoto, Mama Zuhura au Mama Zuhra, na gazetini waliandika jina lake lingine la muziki ambalo halijui.

Fundi Santuri
Basi tuanze na Mzalendo, na tuanze na Jumapili zilizofuata mechi. Chifu niandikie hapa miaka ambayo Simba walibeba kombe lolote kati ya 1974 na 1986, na mwezi kama unaukumbuka.

Chifu wa Mbagala
Nipe mpaka jioni nimpigie kaka yangu Temeke, ana madaftari yake ya matokeo tangu enzi hizo.